Usiku wa tatu

Saa nane na robo usiku simu yangu iliita. Nilipoona jina la mtoto wa dada yangu, nilikaa kitako kitandani kabla sijaipokea. Alikuwa na siku tatu tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza, wa kike. Hata salamu hakunipa.

"Mama mdogo, sina maziwa," alisema. "Tangu saa moja jioni mtoto hajatoka ziwani. Nikimtoa analia. Nikimrudisha ananyonya kidogo, anasinzia, nikimlaza tu analia tena. Mama mkwe anasema ana njaa, tumpe ya kopo. Naona umama wenyewe siuwezi."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na kilio kile ninakijua: kikali, cha mtoto mwenye nguvu zake. Lakini nilijua pia kwamba kumwambia "usijali" saa ile kungekuwa sawa na kumkatia simu. Nikamuuliza swali moja tu: "Tangu jana usiku kama saa hizi mpaka sasa, amekojoa mara ngapi?"

Alinyamaza kidogo. Nikamsikia akimuuliza mumewe, wakihesabu pamoja. "Mara tatu," akasema. Na choo? "Asubuhi kilikuwa cheusi kama lami. Hiki cha jioni ni kama kijani."

"Basi mwanangu, mtoto wako anakula," nikamwambia. "Kinachotoka ndicho kinachotuonyesha kilichoingia. Mrudishe ziwani, na asubuhi nakuja."

Nimeiandika makala hii kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe ambaye pengine unaisoma kwa jicho moja huku mkono mmoja umembeba mtoto. Wanawake wengi mno nimewaona wakiamini kwamba wameshindwa katika saa ile ile ambayo miili yao ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Naamini tatizo si udhaifu wao. Tuliwaeleza yote kuhusu uchungu na leba, tukawaacha wakutane na usiku wa tatu bila kuambiwa upo.

Usiku huo una sababu zake. Mtoto anapozaliwa, ziwa halina maziwa mengi, wala halitakiwi kuwa nayo. Lina yale ya mwanzo, mazito, ya rangi ya njano, ambayo wafugaji wetu kwa ng'ombe huyaita dang'a. Ni machache kwa makusudi. Siku ya kwanza mtoto hupata kwa kila mnyonyo kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na tumbo lake linatosheka na hicho. Kwa hiyo mama anayeminya chuchu akaona matone mawili matatu ya njano, akadhani ni mkavu, ameangalia chakula kamili bila kukitambua.

Maziwa mengi huja baadaye kidogo. Kondo la nyuma linapotoka, homoni iliyokuwa imeyazuia wakati wa ujauzito hushuka, na hiyo ndiyo ruhusa ya ziwa kuanza kazi kubwa. Ruhusa hiyo haifanyi kazi kwa dakika. Kwa wanawake wengi matiti hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Aliyejifungua kwa mara ya kwanza, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyepoteza damu nyingi anaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Katikati ya dang'a na maziwa kujaa kuna pengo, na usiku wa pili na wa tatu viko ndani ya pengo hilo. Mtoto naye, aliyelala sana siku ya kwanza kwa uchovu wa safari, sasa ameamka. Ananyonya, anapumzika, ananyonya tena, saa baada ya saa. Anaonekana kama analalamika, kumbe ndiye anayeagiza. Kila anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya kutengeneza maziwa, na homoni hiyo hutoka kwa wingi zaidi usiku. Mtoto yule aliyekataa kulazwa alikuwa anaweka oda ya maziwa ya kesho.

Sasa tazama mama anavyousoma usiku huo. Mtoto analia, kwa hiyo hajashiba. Anataka ziwa kila saa, kwa hiyo ziwa halina kitu. Matiti ni laini, kwa hiyo hayana maziwa. Ni fikra za mtu mwenye akili timamu anayempenda mwanawe, lakini hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayoweza kukwambia maziwa yanatosha au hayatoshi. Mtoto hulia kwa mambo mengi. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, mchana na usiku, ni kawaida ya mtoto mchanga, na mara nyingine nne au tano kati ya hizo hujipanga mfululizo jioni. Matiti nayo, baada ya wiki kadhaa, hulainika kwa sababu yameshajua kiasi anachotaka mtoto na hayajazi kupita kiasi tena. Nimewaona akina mama wengi wakianza kopo wiki ya sita kwa sababu hiyo tu: ziwa lililokuwa gumu limekuwa laini, wakadhani limekauka.

Dalili za kweli ziko kwenye nepi. Siku ya kwanza mtoto akikojoa mara moja inatosha. Ya pili mara mbili. Ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano au ya sita unategemea angalau mara sita kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo huanza cheusi na cha kunata, kikageuka kijani, na kufikia siku ya tano kimekuwa cha njano. Kama unatumia pampasi na huna hakika kama imelowa, mwagia vijiko vitatu vya chakula vya maji kwenye pampasi kavu uinyanyue. Uzito huo ndio wa mkojo wa kutosha mara moja. Kwa nepi za kitambaa huna haja ya jaribio, utaona.

Asubuhi ile nilifika nyumbani kwao Dar es Salaam kabla jua halijakolea, tukaenda pamoja kliniki. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2 mzani ulimwonyesha kilo 2.95. Uso wa mama yake ulibadilika; gramu 250 zimekwenda wapi? Nikamweleza kwamba karibu kila mtoto hupungua siku za mwanzo, kwa sababu anatoa maji ya ziada aliyozaliwa nayo pamoja na kile choo cheusi. Wa kwake alikuwa amepungua chini kidogo ya asilimia 8. Tunaanza kufuatilia kwa karibu kupungua kunapokaribia asilimia 10, na tunategemea mtoto arudie uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo mzani ulikuwa haujamhukumu mtu. Ulikuwa umetupa namba ya kuanzia.

Tulipokaa kwenye benchi nikamwomba amnyonyeshe nione. Hapo ndipo nilipoona kitu cha kurekebisha. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu. Mama alikuwa anakaza meno kwa maumivu, na chuchu ilipotoka mdomoni ilikuwa imebanwa, imepasuka ubavuni. Mtoto akishika hivyo anafanya kazi nyingi anapata kidogo, na mama anaumia. Tulimtoa kwa kuingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, tukaanza upya: tumbo la mtoto likagusa tumbo la mama, pua yake ikaelekea chuchu, tukasubiri apanue mdomo kama anapiga miayo, kisha akaletwa ziwani kwa haraka, kidevu kikitangulia. Safari hii sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iliingia mdomoni. Baada ya dakika moja tukasikia sauti ndogo, kama mtu anayesema "kha" kwa upole: mtoto anameza. Mama yake aliacha kukaza meno. "Haiumi," akasema, kwa mshangao.

Nasimulia jambo hilo ili ujue kwamba maumivu yale ya kukufanya uogope mnyonyo unaofuata si kodi ya umama. Mara nyingi ni namna mtoto alivyoshika, na mkunga anaweza kuiona kwa dakika tano. Una haki ya kurudi kituoni kwa hilo peke yake.

Na ikiwa umeshampa ya kopo? Mimi mwenyewe, nikiwa tayari mkunga mwenye cheti, nilimpa mwanangu wa kwanza chupa usiku wa nne, nikalia nikimtazama anavyoinywa. Ninachotaka ujue ni jinsi mambo yanavyokwenda baada ya hapo, ili uamue ukiwa unaona. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likibaki limejaa hupunguza mwendo. Likinyonywa mara kwa mara huongeza. Mtoto aliyeshiba chupa hulala saa tatu, ziwa halikuombwa kitu kwa saa tatu hizo, na kesho linaleta kidogo, na kidogo hicho kinaonekana kuthibitisha kwamba chupa ilihitajika. Mduara huo huzunguka pande zote mbili. Ukitanguliza ziwa kila mara kabla ya chupa, na kukamua kidogo mtoto anapokosa kunyonya, oda hurudi ndani ya siku chache, na chupa inaweza kupunguzwa taratibu huku nepi na mzani vikikulinda. Wapo pia wanawake ambao maziwa yao kweli ni machache, kwa damu iliyopotea, kwa maradhi ya tezi, kwa upasuaji wa matiti, au kwa sababu isiyoonekana. Mtoto wa mama huyo anahitaji chakula cha ziada, na kumpa ni kulea sawa na kunyonyesha.

Nimekwambia habari ya usiku wa tatu. Kuna kipindi kingine ambacho ni bora ukijue mapema. Kilio cha mtoto huanza kuongezeka kwenye wiki ya pili, hufika kileleni kwenye wiki ya sita hivi, kisha hushuka, na mtoto akifika miezi mitatu au minne nyumba hutulia. Daktari Brazelton wa Marekani aliandika kuhusu mwendo huo mwaka 1962, baada ya kuwaomba wazazi waandike saa za vilio nyumbani. Kwa muda watu walidhani ni tabia ya watoto wa Ulaya na Marekani, wanaolazwa kwenye vitanda vyao peke yao. Kisha mwaka 1991 Ronald Barr na wenzake wakachapisha walichokiona kwa Wakung San wa Kalahari, ambao hubeba watoto wao mchana kutwa na kuwanyonyesha mara nyingi kila saa. Kilele cha wiki za mwanzo kilikuwepo hata kwao. Tofauti ilikuwa kwamba vilio vyao vilikuwa vifupi.

Naona faraja mbili katika habari hiyo. Ya kwanza ni kwamba mama hodari kuliko wote, aliyembeba mwanawe kutwa nzima, bado ana mtoto anayelia wiki ya sita. Kilio hicho hakikupimi wewe. Ya pili ni kwamba kubeba kunasaidia. Hakuondoi kilio, ila kunakifupisha. Kwa hiyo bibi akikwambia "mfunge kanga umbebe" yuko sahihi, na anayekwambia utamzoesha mikono anamsema mtoto ambaye hajafika hata umri wa kuzoea kitu.

Jioni za wiki ya sita ndipo utakapoambiwa mtoto ana chango, na dawa za kila aina zitaletwa kwa nia njema kabisa. Huna haja ya kugombana na mtu. Sema tu kwamba mkunga amekataza chochote kisicho ziwa mpaka miezi sita, mbebeshe lawama yeye, sisi tumezoea. Hata maji hayahitaji, kwani karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa yako ni maji. Na siku ukiona kilio kinakupandisha hasira ya kukutisha, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba, vuta pumzi dakika tano, kisha urudi. Mtoto aliyelia dakika tano kitandani yuko salama kuliko aliye mikononi mwa mtu aliyefika mwisho.

Kuhusu uchovu, nitasema kweli: hauondolewi kwa ushauri. Mtoto mchanga hajui usiku ni nini; saa ya mwili wake huanza kujipanga akiwa na miezi miwili mitatu. Kabla ya hapo hulala vipande vya saa mbili, tatu. Mtu yeyote aliyekatwa usingizi hivyo kwa wiki tano atasahau sufuria jikoni na kulia kwa kumwaga chai. Mwili wako unafanya hivyo kwa sababu ni mwili.

Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana waliweka siku arobaini. Wengi wetu tunazikumbuka kwa mtori, uji wa pilipili manga na kufungwa tumbo. Lakini kiini chake kilikuwa mgawanyo wa kazi: mama analisha mtoto, wengine wanalisha mama. Leo bibi yuko Songea au Tanga, wifi yuko kazini, na nyumba ya kupanga ina chumba kimoja. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, 100 akizaa pacha, na inampa baba siku tatu. Hesabu mwenyewe. Siku ya nne baba anapofunga kamba za viatu kurudi kazini, ndiyo siku ambayo maziwa yanajaa, matiti yanauma, mtoto hashikiki na mama hajalala. Naamini siku hizo ni chache mno, na nitaendelea kulisema hilo popote nitakapopewa nafasi.

Mpaka hapo litakaporekebishwa, maneno haya nayaelekeza kwa walio karibu na mama, si kwake. Ukienda kumwona mzazi, usiombe kumbeba mtoto ili mama apike. Pika wewe. Baba, mchukue mtoto akishanyonya alfajiri, mcheulishe, mbadilishe nepi, mkae sebuleni saa mbili mlango wa chumbani ukiwa umefungwa. Saa mbili za usingizi zisizosikiliza mlio wowote zina thamani kuliko zawadi zote za arobaini.

Limebaki jambo la machozi. Siku ya tatu, ya nne, ya tano baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila kujua kwa nini, hata wenye furaha, kwa kuwa homoni zimeshuka ghafla na usingizi haupo. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipopita, au ikija baadaye, ni jambo jingine. Ukiona huzuni imekaa siku nzima siku baada ya siku, huwezi kulala hata mtoto akilala, hujisikii chochote ukimtazama, au yanakujia mawazo kwamba wangekuwa heri bila wewe, huo si uvivu wala ukosefu wa shukrani. Ni ugonjwa unaofuata uzazi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea humpata karibu mama mmoja kati ya watano. Una tiba. Mwambie nesi wa kliniki kwa maneno hayo hayo, na kama mawazo ya kujidhuru yapo, mwambie mtu leo, usikae peke yako.

Na kwa mtoto, usisubiri kesho akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa kasi, akipata degedege, akiwa wa njano siku ile ile aliyozaliwa au unjano ukifika viganjani na nyayoni, au choo kikiwa bado cheusi siku ya tano. Hapo hutakuwa umesumbua mtu. Kituo kipo kwa ajili hiyo.

Mtoto wa dada yangu alirudi kliniki siku ya 14. Mzani ulisoma kilo 3.22. Nesi aliandika kwenye kadi bila kusema neno, kwa sababu kwake ilikuwa namba ya kawaida. Mama aliitazama ile kadi mpaka tukafika kituo cha daladala.

Wiki ya sita akanipigia tena, saa mbili usiku. Nilisikia kilio kabla ya sauti yake. Nikaanza kuuliza, "Nepi...?"

"Saba mama mdogo, na ameshanyonya, na hana joto," akanikatiza. "Ni ile jioni uliyoniambia. Nimemfunga kanga, tunazunguka uani. Nimepiga tu ili nisizunguke peke yangu."

Nikavuta kiti nikakaa. Tuliongea habari za nyumbani karibu dakika 40, yeye akitembea, mtoto akilia, kisha akilia kidogo, mpaka nikasikia hatua zimesimama.